Aunsi moja kwa arobaini: hofu ya kupoteza mbegu na historia yake



Miaka michache iliyopita, baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana wa miaka 16 alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikunja na kukunjua daftari lake mpaka tukabaki wawili. Ndipo akasema, "Mwalimu, mimi ninaisha." Nikamwomba afafanue. Alieleza kwamba tangu miezi mitatu anaamka usiku akiwa amelowa, mara moja kwa juma au zaidi. Kwamba miguu imekuwa mizito, akipanda mlima wa kwenda shuleni anapumzika mara mbili njiani. Na kwamba mkubwa mmoja wa mtaani amemwambia tone moja la mbegu za mwanamume ni sawa na matone mengi ya damu. Ili kujizuia alikuwa ameacha chakula cha jioni, na usiku alikaa macho kwa makusudi akiogopa ndoto. Kwenye Komunio haendi tena.

Nilimjibu nilivyoweza siku ile, lakini swali lake lilinifuata nyumbani. Hesabu ile ya tone moja kwa matone mengi ya damu ilitoka wapi? Tumezoea kudhani kwamba mambo ya namna hii ni maneno ya wazee wetu, au ni ya Kanisa. Nilipoanza kusoma nilikuta njia ndefu sana, inayopita Ugiriki, Uswisi na Ufaransa, na nilikuta kwamba katika safari hiyo waliotia hofu kubwa kuliko wote hawakuwa mapadri bali waganga wenye shahada. Naomba niwasimulie, kwa sababu wengi wenu mnalibeba swali hilohilo bila kulisema.

Tuanzie kwa Wagiriki wa kale. Waganga wa shule ya Hipokrati waliandika kwamba mbegu ya mwanamume hukusanywa kutoka mwili mzima, hupita katika ubongo na uti wa mgongo, kisha hushuka chini. Kwa hiyo anayeipoteza sana hukauka mgongo. Aristotle aliona vingine: kwake chakula tunachokula hupikwa mwilini kikawa damu, na sehemu ya damu iliyo safi kupita zote hupikwa tena ikawa mbegu. Galeno, mganga mashuhuri wa dola la Roma katika karne ya 2, alipasua wanyama akaona mishipa ya damu iliyojipinda mara nyingi karibu na korodani. Akafikiri kwamba damu, ikizungukazunguka katika mapindo hayo, huchujwa na kuwa nyeupe. Msiwacheke. Hawakuwa na darubini, na macho yao yaliona kweli mishipa ile. Walichokosea ni kazi yake. Lakini ukishakubali kwamba mbegu ni damu iliyopikwa, hatua inayofuata haiepukiki: utauliza ni damu kiasi gani imetumika.

Wahindi wa kale nao, kwa njia yao wenyewe, walifika karibu na hapo. Katika elimu yao ya tiba, iitwayo Ayurveda, chakula hugeuka hatua kwa hatua kupitia sehemu saba za mwili, na mbegu ni ya mwisho na ya thamani kupita zote. Watu wakaja kusema kwamba matone 40 ya damu hutoa tone moja la uboho wa mifupa, na matone 40 ya uboho hutoa tone moja la mbegu. Namba hiyo 40 iwekeni akilini.

Sasa tuingie Lausanne, katika Uswisi. Hapo aliishi daktari Mprotestanti aitwaye Samuel Auguste Tissot, aliyezaliwa mwaka 1728 na kusomea utabibu Montpellier, Ufaransa. Hakuwa tapeli. Alitetea chanjo ya ndui wakati wengi waliiogopa, na mwaka 1761 alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wa vijijini kutunza afya yao, ambacho kilisomwa Ulaya nzima. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1760, alikuwa ametoa kwa Kifaransa kitabu kingine, juu ya magonjwa yanayoletwa na kupoteza mbegu. Ndani yake aliandika kwamba madaktari wa zama zote wanakubaliana kuwa kupoteza aunsi moja ya mbegu hudhoofisha kuliko kupoteza aunsi 40 za damu. Hakupima. Alipokea neno la wakale, akaliweka katika lugha ya kisayansi ya siku zake, na kwa kuwa alikuwa daktari mwenye jina, likaaminiwa. Kitabu kilitafsiriwa na kuchapwa tena na tena kwa zaidi ya miaka mia.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mgonjwa mmoja, fundi saa. Tissot anasimulia kwamba mtu huyu alikuwa mzima hadi umri wa miaka 17, akaanza tabia ya kujichua, na baada ya muda nguvu zikamwisha. Daktari alipoitwa alimkuta amelala, amekonda, amepauka, pua ikimtoka damu nyepesi kama maji, kumbukumbu imemtoka. Baada ya majuma machache, mwezi wa Juni 1757, alikufa mwili mzima ukiwa umevimba.

Mkisoma kisa hiki kwa macho ya leo mtaona kilichotokea. Mgonjwa amepauka, damu yake ni nyepesi, anatoka damu puani, mwili umevimba. Muuguzi yeyote wa kituo cha afya katika vijiji vyetu angepima damu na mkojo, angesikiliza moyo na mapafu, angeuliza juu ya figo na ini. Tissot hakuwa na vipimo hivyo, kweli; lakini pia hakuvitafuta, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Mgonjwa alikiri tabia yake, na baada ya hapo kila dalili iliwekwa kwenye hesabu hiyo moja. Vijana wangapi wengine wa Lausanne walikuwa na tabia ileile na walikuwa wazima, hakuna aliyeuliza. Hao hawakwenda kwa daktari.

Bado hapo ni jambo la kukusudia. Hatua ya kuitia hofu katika usingizi wa mtu asiye na kosa ilikamilishwa na Mfaransa mmoja, Claude François Lallemand, profesa wa upasuaji palepale Montpellier. Kati ya mwaka 1836 na 1842 alitoa mabuku matatu juu ya upotevu wa mbegu usio wa hiari. Kwake, kutokwa usiku kulikuwa mwanzo wa ugonjwa; ugonjwa ukizidi mbegu hutoka hata mchana, pamoja na mkojo, bila mtu kujua, na mtu huyo huharibika akili na mwili. Darubini ilikuwa tayari ikitumiwa. Mwaka 1677 Mholanzi Leeuwenhoek wa mji wa Delft alikuwa ameona kwa mara ya kwanza vijidudu vyenye mkia vikiogelea katika mbegu (naye, kwa adabu, aliwaeleza wanachuoni wa London kwamba alichopima kilitoka katika tendo la halali la ndoa). Lallemand na wafuasi wake wakaitumia darubini hiyo kutafuta vijidudu vyenye mkia katika mkojo. Wakiviona, walisema: ugonjwa umethibitika.

Kosa liko hapo. Mbegu zikionekana katika mkojo wa mwanamume mzima si ajabu yoyote. Zinazobaki katika njia ya mkojo husukumwa nje na mkojo unaofuata, na nyingine huvuja zenyewe kidogokidogo. Kipimo chake kingemkuta mgonjwa karibu kila mwanamume. Na tiba ilikuwa ya kutisha: daktari aliingiza kifaa chembamba katika njia ya mkojo hadi karibu na tezi dume, akaunguza sehemu hiyo kwa nitreti ya fedha. Wengine waliuziwa pete zenye meno kwa ndani, za kuvaa usiku ili maumivu yawaamshe. Njia ya mkojo iliyounguzwa hufanya kovu, na kovu huiziba. Ndivyo watu wazima walivyogeuzwa wagonjwa wa kweli.

Ni nini kilichoiangusha elimu hiyo? Kwa sehemu ni madaktari wenye busara. Mwaka 1875 daktari mpasuaji wa London, James Paget, alichapisha mafundisho ambamo alisema wazi kwamba wengi wa wanaume hawa wanaugua wasiwasi, si upotevu wa mbegu. Lakini kilichofanya kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mashahidi wa hofu waliondolewa mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza alikuwa usaha. Mtu anayetokwa na maji mazito mchana kutwa, yenye kuunguza, alihesabiwa kuwa mbegu zinavuja. Hata jina la Kigiriki la ugonjwa wa kisonono maana yake ni mtiririko wa mbegu. Kosa liliingia katika jina lenyewe. Mwaka 1879 Albert Neisser alimwona mdudu anayesababisha kisonono. Kumbe yale maji hayakuwa mbegu kamwe. Shahidi wa pili alikuwa kukonda na kukohoa kwa kijana aliyekuwa na nguvu jana. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu, ugonjwa uliowaua vijana wengi sana wa Ulaya katika karne ile. Shahidi wa tatu alikuwa mgongo unaokauka na miguu isiyoshika njia, kama walivyosema wafuasi wa Hipokrati. Mwaka 1905 mdudu wa kaswende alionekana, na baada ya hapo ikathibitika kwamba kaswende ya muda mrefu huharibu uti wa mgongo. Mashahidi watatu, na kila mmoja alikuwa ameshuhudia juu ya ugonjwa mwingine.

Inafaa kuuliza Kanisa lilisema nini muda huo wote, kwa maana kijana wangu alikuwa ameacha Komunio. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 15, inatofautisha mambo mawili. Mwenye kutokwa na maji ya ugonjwa huhesabu siku saba baada ya kupona na kutoa sadaka. Aliyetokwa na mbegu huoga na huwa najisi mpaka jioni, basi. Hakuna sadaka, wala hakuna neno la kwamba ataishiwa nguvu. Tofauti hiyo madaktari wa karne ya 19 waliipoteza.

Katikati ya karne ya 4, mmonaki wa Misri aitwaye Amuni alisumbuliwa na ndugu waliofadhaika kwa ajili ya mambo ya usiku, na Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria akamwandikia barua. Hoja yake ni nyepesi na ina nguvu: mwili ni kazi ya Mungu, na viungo vina njia zake za kutoa ziada, kama pua na mdomo, hakuna dhambi katika kinachotoka kwa maumbile bila mtu kutaka. Mwaka 601, Papa Gregori Mkuu alimjibu Agostino wa Kantaberi aliyeuliza kama mtu aliyepatwa na jambo hilo usingizini anaweza kupokea Komunio. Gregori alitenganisha sababu. Ikiwa ni ziada ya maumbile au udhaifu wa mwili, mtu asiogope hata kidogo. Ikiwa ni kwa ulafi, ana lawama kidogo, lakini si ya kumzuia. Ikiwa alikaa mchana akiyafuga mawazo mabaya kwa hiari, basi aangalie mawazo hayo. Tomasi wa Akwino, katika karne ya 13, aliliuliza swali hilohilo akajibu kwamba kinachotokea usingizini si dhambi chenyewe, kwa sababu akili iliyolala haihukumu. Kama kuna kosa, liko katika lililotangulia mtu akiwa macho.

Sitawaficha kwamba waandishi hao wa kale walitaja pia pepo kuwa mojawapo ya sababu zinazoweza kuwapo. Nalisema kwa kuwa siku hizi, katika vyumba vingi vya maombi mijini kwetu, kijana akisimulia ndoto kama hii huambiwa ana mke wa usiku, na msichana huambiwa ana mume wa usiku, kisha anatakiwa kufunga siku nyingi na mara nyingine kulipa. Lakini Tomasi aliiweka sababu ya mwili mbele na kuipa uzito wake, wala hakumfanya mlalaji kuwa mtumwa wa mtu asiyeonekana. Mambo ya kukusudia yana mafundisho yake katika Katekisimu, na tutayasema siku nyingine. Hayo Kanisa huyapima kwa maana ya upendo na ya ndoa, si kwa aunsi za damu.

Basi tuifanye hesabu ambayo Tissot hakuifanya. Shahawa inayotoka mara moja ni kama mililita 2 hadi 5. Tuchukue 3, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai. Aunsi ni kama gramu 30, kwa hiyo mililita 3 ni sehemu ya kumi ya aunsi. Kwa kanuni ya Tissot, hizo zingekuwa sawa na aunsi 4 za damu, kama mililita 120. Kijana anayetokwa mara moja kwa juma angepoteza mililita 120 mara 52 kwa mwaka, nazo ni zaidi ya lita 6. Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini. Na baba mwenye ndoa, anayekutana na mkewe mara mbili kwa juma, angepoteza zaidi ya lita 12 kila mwaka, kwa miaka 20 au 30, huku akilima na kubeba mizigo. Baba zetu wangekuwa wamekufa kabla ya kutuzaa. Tena upungufu wa damu hauhitaji kukisiwa: hutobolewa kidole, hupimwa kwa mashine. Hakuna kipimo kinachoonyesha damu ikishuka kwa sababu ya ndoto.

Ndani ya mililita hizo 3 mna nini? Karibu yote ni maji. Mna sukari kidogo ya kuzipa mbegu nguvu ya kuogelea, mna madini kidogo ya zinki, na protini kama gramu 0.15. Chukueni punje mbili za maharagwe makavu. Protini iliyo ndani yake ni karibu kiasi hicho, au kuzidi kidogo. Hicho ndicho mwili umetoa. Sahani ya jioni ambayo kijana wangu aliisukuma kando kwa hofu ilikuwa na punje mia na zaidi.

Wala haitoki katika damu ya akiba, wala katika uboho, wala katika ubongo. Sehemu kubwa ya shahawa, kama theluthi mbili au zaidi, hutengenezwa na vifuko viwili vidogo vilivyo nyuma ya kibofu; sehemu inayofuata hutoka katika tezi dume. Mbegu zenyewe, zile zenye mkia, hutoka katika korodani, na ni asilimia chache tu ya ujazo wote. Kila mbegu huchukua miezi miwili na zaidi kukomaa, lakini kazi haikomi mchana wala usiku, na kwa siku moja hukamilika mamilioni mengi. Zisizotoka huzeeka, mwili huzivunja na kuzitumia tena, au huvuja katika mkojo. Hakuna ghala linalojaa mpaka lipasuke, kama wengine wanavyowaambia vijana ili kuwashawishi, na hakuna ghala linaloisha. Homoni inayompa mvulana sauti nzito na misuli nayo hutengenezwa katika korodani, ila inamiminwa moja kwa moja katika damu. Haiondoki na shahawa.

Kwa nini basi usiku? Usingizi wa mtu hupita katika zamu. Mara kadhaa kila usiku huja zamu ambayo macho hutembea chini ya kope na ndoto huwa nyingi, na katika zamu hiyo mishipa ya fahamu inayosimamia viungo vya uzazi hulegeza breki zake. Kiungo husimama chenyewe, ndoto iwe ya mwanamke au ya kuvuka mto. Hutokea kwa mzee, hutokea kwa mtoto mchanga, na kwa vipimo vya kisasa limeonekana hata kwa mtoto aliye bado tumboni mwa mama. Huyo hajawaza lolote. Kwa mvulana aliyebalehe, homoni zikiwa zimepanda, mara nyingine hali hiyo hufika hadi kutokwa. Katika uchunguzi wa Alfred Kinsey uliochapishwa Marekani mwaka 1948, wanaume 83 kati ya 100 walisema imewahi kuwapata, na huwa mara nyingi zaidi mwishoni mwa umri wa ujana. Tofauti ni kubwa: mmoja mara mbili kwa juma, mwingine mara mbili kwa mwaka, mwingine kamwe. Wote watatu ni wazima.

Lakini mtaniuliza: mbona yule kijana alikuwa amechoka kweli? Swali hilo ni la haki, na madaktari wa India wamelifanyia kazi kuliko wengine. Mwaka 1960 daktari wa magonjwa ya akili, N. N. Wig, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii na kuipa hali yao jina, akitumia neno la Kihindi lenye maana ya mbegu, dhat. Hao ni wanaume, wengi wao vijana, wanaolalamika udhaifu, usingizi mbovu, moyo kwenda mbio na mawazo mengi, nao wana hakika kwamba sababu ni mbegu wanazopoteza. Wakipimwa, shahawa yao ni ya kawaida. Udhaifu wao lakini si wa uongo. Hofu humnyima mtu usingizi. Asiyelala huamka mzito. Uzito ule anauona kuwa uthibitisho, na hofu huongezeka. Wengine chini yake wana huzuni nzito ambayo hawakupata neno la kuitaja, wakakopa neno walilopewa na mtaa. Mara nyingi tiba huanza kwa mazungumzo marefu kama haya, na penye huzuni nzito, dawa na mshauri.

Kwa kijana wangu mambo yalikwenda hivi. Nilimwambia ale jioni na alale, na nikamwomba paroko amsikilize. Nilidhani imetosha. Mama yangu mdogo, ambaye alikuwa mkunga miaka mingi, ndiye aliyenikemea: "Umempeleka kanisani, mbona hukumpeleka kwa muuguzi?" Alikuwa na haki. Nami nilikuwa nimefanya kama Tissot, ila kwa upande wa pili: yeye alilaumu mbegu kwa kila kitu, mimi nililaumu hofu kwa kila kitu. Juma lililofuata nilimsindikiza kituo cha afya. Walimtoboa kidole. Alikuwa na malaria, na damu yake ilikuwa imeshuka. Kwa miezi mitatu alikuwa akiumwa ugonjwa unaotibika, na hakumwambia mtu, kwa kuwa aliamini anajua sababu na aliona haya kuitaja.

Muuguzi yule alimwuliza maswali mawili ambayo tangu siku hiyo nayarudia katika kila kundi la Kipaimara. Je, kuna maji yanayotoka mchana, ukiwa macho, ya njano au ya kijani, au yenye kuunguza wakati wa kukojoa? Je, umeona damu katika mkojo au katika mbegu, au korodani ina uvimbe au maumivu? Likiwapo mojawapo ya hayo, huo si mwendo wa usiku ninaousimulia hapa, ni ugonjwa unaohitaji kupimwa. Maumivu makali ya korodani yanayokuja ghafla hayangoji asubuhi: korodani ikijisokota, kuiokoa ni kazi ya saa chache tu. Naye anayekonda, anayekohoa majuma mawili au anayetoka jasho usiku hadi shuka kulowa apimwe kifua kikuu, hata kama ameota ndoto za aina gani.

Yeye alijibu hapana kwa yote mawili. Akapewa dawa za malaria na vidonge vya madini ya chuma, na agizo la kurudi baada ya majuma manne. Aliporudi damu ilikuwa imepanda, na mlima wa shule alikuwa anaupanda bila kupumzika. Nilimwuliza kuhusu mambo ya usiku. Akacheka kidogo, akasema yanaendelea kama zamani.